Picha mnato zinapotembea: mwendo wa slaidi usiochosha wala kutia kizunguzungu

Ukitaka kujua slaidi ya picha imeharibikia wapi, acha kuangalia skrini, waangalie watu wa meza za mbele. Ikiwachosha, wao ndio wa kwanza kuinamia simu. Ikiwazungusha, wao ndio wa kwanza kufumba macho na kujipangusa uso kwa leso. Katika kumbi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbezi Beach, meza za wazazi na wageni rasmi huwekwa hatua chache tu kutoka kwenye skrini, kwa hiyo waliopewa heshima ndio wanaoumia kuliko wote.

Wahariri wengi huyachukulia matatizo hayo mawili kama ncha mbili za mzani. Slaidi ikichosha wanaongeza mwendo, ikizungusha wanapunguza. Wakifika katikati wanajikuta na slaidi inayochosha na kuzungusha kwa pamoja, kwa sababu kiasi cha mwendo si jambo la kwanza. La kwanza ni jicho la mtazamaji: limewekwa wapi picha inapoanza kusogea, na je, linaruhusiwa kubaki hapo?

Nianze na kizunguzungu. Mtu aliyekaa kwenye kiti ana viungo vya mizani ndani ya sikio, na vinamwambia ametulia. Skrini kubwa ikijaa mbele yake na kila kilichomo kikasogea kwa pamoja, macho yanamwambia ndiye anayekwenda. Taarifa hizo mbili zikipingana, tumbo ndilo linalolipa. Kwenye simu hali hiyo haitokei kwa urahisi, kwa kuwa pembeni mwa simu macho yanaona meza, ukuta na miguu ya mtu, vitu ambavyo havisogei. Ndiyo maana slaidi iliyotengenezwa na kukaguliwa kwenye simu ikaonekana tamu huweza kuwa adhabu ukumbini.

Picha mnato ina ugumu wake wa ziada. Kwenye video ya kawaida kamera ikigeuka, ndani ya picha bado kuna mtu anatembea au jani linapepea, na jicho lina kitu cha kufuata. Kwenye picha mnato kila kitu kinasogea kama ubao mmoja. Jicho likikosa pa kushika, linabebwa na ubao.

Basi tulipe pa kushika. Tuchukue mfano wa slaidi ya sherehe ya miaka 50 ya ndoa, na ndani yake picha moja tu: maharusi na ndugu zao wamesimama kwenye ngazi za kanisa, picha ya karatasi ya inchi 5 kwa 7 iliyolazwa upande. Ikiskaniwa kwa dipiai 600, yaani pikseli 600 kwa kila inchi, inatoa pikseli 4200 kwa 3000. Video yetu ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Tukitaka picha ijaze upana wote wa skrini, tunaipunguza hadi asilimia 45.7 ya ukubwa wake halisi, na kimo kinazidi kidogo, kwa hiyo sehemu ya anga juu na ya sakafu chini itabaki nje. Hilo halina hasara.

Sasa tuseme tunataka kuisogelea kwa asilimia 14 ndani ya sekunde 7. Kwenye programu ya kuhariri video ya Premiere, namba ya ukubwa wa picha, Scale, inatoka 45.7 inakwenda 52.1. Ukiacha programu ifanye inavyojua yenyewe, itasogea kuelekea katikati ya picha. Lakini bibi harusi hayupo katikati. Uso wake uko pikseli 1500 kutoka kushoto, ambapo kwenye skrini ni kama pikseli 686, yaani kwenye asilimia 36 ya upana. Katikati ya skrini ni 960. Picha ikikua kutokea katikati, uso wa bibi harusi unasukumwa kushoto kwa karibu pikseli 38. Unaweza kudhani ni kidogo. Lakini mtazamaji anamwangalia yeye, na kwa sekunde zote 7 macho yake yanamfukuza bibi harusi anayekimbia polepole kwenda pembeni. Rudia hivyo kwa picha 20 na umeshapata ule uchovu ambao watu hushindwa kuueleza, wakaishia kusema tu kwamba slaidi haikuwa nzuri.

Dawa ni kufanya uso wenyewe uwe kitovu cha mwendo. Kwenye Premiere unahamisha Anchor Point hadi kwenye uso, unarudisha picha mahali pake kwa Position, kisha unabadilisha Scale peke yake. Uso unabaki palepale kwenye asilimia 36, na vingine vyote vinafunguka kuuzunguka. Kwenye programu zinazotumia visanduku viwili, kimoja cha mwanzo na kingine cha mwisho, kama Dynamic Zoom ya DaVinci Resolve au kile kitufe cha iMovie kilichopewa jina la mtengenezaji filamu wa Marekani Ken Burns, kanuni ni ileile ila unaifanya kwa macho: hakikisha uso upo mahali palepale ndani ya visanduku vyote viwili. Ukiwa theluthi ya kushoto kwenye kikubwa, uwe theluthi ya kushoto kwenye kidogo. Wengi huchora kisanduku cha mwisho uso ukiwa katikati kabisa kwa kuwa kinapendeza kikisimama peke yake, kumbe wameongeza mwendo wa pembeni ambao hawakuukusudia.

Ukitaka kukagua, weka kidole kwenye skrini ya kompyuta juu ya uso na ucheze kipande. Kidole na uso visiachane.

Baada ya hapo ndipo kasi inapokuja. Asilimia 14 ndani ya sekunde 7 ni asilimia 2 kwa sekunde, na kwa picha yenye nyuso mimi hubaki kati ya 1 na 2. Picha pana ya mandhari, tuseme pwani ya Kivukoni yenye majahazi, inavumilia 3. Zaidi ya 5 watu wanahisi wanasukumwa. Namba hizi ni za ukumbini. Kwa video ya kutazamwa kwenye simu unaweza kuziongeza bila kumdhuru mtu. Ninachosisitiza ni kupima kwa sekunde. Mtu akikuambia "mimi huenda mpaka 120" hajakuambia chochote mpaka aseme ni kwa muda gani.

Kwa mwendo wa kupita pembeni kuna kanuni ya zamani ya wapiga kamera: kitu kisivuke upana wote wa skrini chini ya sekunde 7, la sivyo kinaanza kuonekana kikirukaruka. Kwa upana wa 1920 hiyo ni kama pikseli 275 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, tena kwa picha zenye uhai ndani yake. Kwa picha mnato theluthi yake inatosha, karibu pikseli 90 kwa sekunde.

Kiwango hicho kinaeleza kwa nini picha za wima zinatesa. Chukua picha ya simu ya pikseli 3000 kwa 4000, mama amesimama na kanga yake, nawe unataka kuijaza skrini kisha upande kutoka miguuni hadi usoni. Picha ikishapunguzwa ili upana wake uwe 1920, kimo chake kinakuwa 2560, na skrini inaonyesha 1080 tu. Zimebaki pikseli 1480 za kusafiri. Kwa kasi ya 90 ni zaidi ya sekunde 16, na hakuna wimbo utakaosubiri. Ukiibana ndani ya sekunde 5 unafikia karibu 300 kwa sekunde, juu ya kile kiwango cha wapiga kamera, na mama anashuka kama lifti. Kwa hiyo usisafiri mwili mzima. Anza kifuani, panda pikseli mia tano hivi ndani ya sekunde 6, malizia usoni. Au iweke nzima katikati, pembeni ujaze nakala yake iliyofifishwa, na uiache imetulia. Kwangu hiyo ya pili ndiyo chaguo la kwanza siku nyingi, ingawa baadhi ya wateja huuliza kwa nini hiyo haitembei.

Turudi kwenye ngazi za kanisa, maana bado kuna kasoro. Tumemshika bibi harusi vizuri, lakini picha inapokua kuna watu wanatoka. Shangazi aliyesimama mwisho kabisa kushoto alikuwa kwenye pikseli 46 ya skrini wakati picha inaanza. Inapomalizika ameshasukumwa nje ya ukingo. Katika sherehe ya ukoo shangazi kukatwa si suala la sanaa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kwa picha ya kundi basi geuza mwendo. Anza kwenye 52.1, maharusi wawili na wachache waliowazunguka, kisha rudi nyuma hadi 45.7 ambapo wote wameingia. Faida yake inazidi hiyo ya kumwokoa shangazi. Mwendo sasa una habari: mtazamaji anaanza na anaowajua, halafu kila sekunde inamletea mtu mwingine pembeni, na ukumbi unaanza kunong'ona "yule si fulani?" Mwendo wa kurudi nyuma ni wa kufunua, na wa kusogelea ni wa kumkazia mtu mmoja. Picha ya kundi ina mengi ya kufunua. Picha ya uso mmoja haina cha kufunua, kwa hiyo isogelee au iache.

Ukimaliza kurudi nyuma, simama. Ongeza sekunde 2 za utulivu kamili kabla ya picha inayofuata. Hapo ndipo macho yanapotembea yenyewe, yakitafuta sura. Ukiendelea kusogeza picha wakati watu wanatafuta, unawasumbua wanaotaka kuiangalia kazi yako.

Hapa ndipo uchovu unapoanza kueleweka. Slaidi inachosha pale mtazamaji anapoweza kutabiri. Picha ya kwanza inasogea ndani sekunde 5, ya pili ndani sekunde 5, ya tatu hivyohivyo, na ya nne hahitaji kuiangalia tena. Kuna wanaokwepa hilo kwa kubadilishana: ndani, nje, ndani, nje. Huo nao unatabirika, tena unaongeza yumbayumba la pantoni la Kigamboni siku ya upepo. Programu zenye kitufe cha kujiendesha hutoa moja kati ya hayo mawili au huchagua mwendo bila mpangilio, na bila mpangilio maana yake ni kusogelea kiwiko cha mtu huku uso ukitoka nje.

Uamuzi wa kila picha utoke kwenye picha yenyewe. Ina uso mmoja wenye hisia? Sogelea kidogo. Ina watu wengi au mahali? Rudi nyuma. Ina mtu anayeangalia upande fulani? Pita kuelekea anakoangalia, ili mwendo ujibu swali ambalo macho yake yameuliza. Haina lolote kati ya hayo? Iache imesimama. Katika slaidi ya picha 24 sioni ubaya wowote kama 8 au 9 hazitembei kabisa. Picha iliyotulia kati ya zinazosogea hupata uzito wa pekee, na macho hupumzika. Muda nao utofautiane: picha ya pasipoti ya ujanani ya mzee haihitaji zaidi ya sekunde 4, ilhali ile ya ngazi za kanisa imeshachukua 9.

Tatizo jingine linazaliwa kati ya picha na picha. Wengi hupenda picha moja iyeyukie kwenye nyingine kwa sekunde moja au zaidi, na kwa sekunde hiyo picha zote mbili ziko kwenye skrini zikiwa nusu uwazi. Ikiwa ya kwanza inapita kushoto na ya pili inapita kulia, mtazamaji anaona tabaka mbili zikisuguana, na hakuna kinachozungusha kichwa kwa haraka kama hicho. Kipimo chake ni rahisi: simamisha video katikati ya kila yeyusho, kisha sogeza mbele fremu kwa fremu. Ukiona pande mbili zinapingana, geuza mmoja, au fanya picha moja itulie, au ondoa yeyusho ukate moja kwa moja.

Yeyusho pia ndilo linaloamua mwendo uanze na kuisha vipi. Kwenye programu utakuta chaguo la Linear, ambapo kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho, na Ease In and Out, ambapo picha inaondoka taratibu na kutua taratibu. Wanafunzi hufundishwa kwamba ya pili ni bora daima. Ni bora pale unapokata moja kwa moja au pale mwendo unapoisha mbele ya macho ya watu, kama kwenye picha yetu ya kundi kabla ya zile sekunde 2 za utulivu. Ukitumia yeyusho kila mahali, Ease In and Out inatengeneza pumzi ya ajabu: kila picha inafifia ikiwa imesimama, inayofuata inaibuka ikiwa imesimama, kisha inaondoka. Simama, nenda, simama, nenda. Hapo Linear inafaa zaidi, mradi mwendo uanze kabla yeyusho halijaanza kufungua picha na uendelee mpaka iishe kabisa, ili mtazamaji asione mwanzo wala mwisho wake.

Kuna mtikisiko ambao hautokani na uchaguzi wako. Umesogelea polepole kama inavyotakiwa, lakini picha inatetemeka kama mtu anayeishika ana baridi. Sababu ni hesabu. Ukisogelea asilimia 5 kwa sekunde 8, ukingo wa picha unasafiri pikseli 48 tu. Kwa fremu 30 kwa sekunde hizo ni fremu 240, sawa na sehemu ya tano ya pikseli kwa kila fremu. Programu inayokadiria nafasi kwa pikseli nzima tu haiwezi kuonyesha sehemu ya tano, kwa hiyo picha inakaa fremu nne na kuruka ya tano, na mruko wa upana na wa kimo havitokei pamoja. Kadiri unavyokwenda polepole ndivyo mtetemo unavyoonekana. Ukiuona, tengeneza mradi kwa upana wa 3840 kisha utoe video ya 1920, ili mruko wa pikseli nzima ugeuke nusu yake. Kama programu yako haina nafasi hiyo, ongeza kasi kidogo au iache picha imetulia.

Jambo jirani na hilo ni kumetameta kwa mistari myembamba: bati la migongo, kitambaa cha mistari, nywele zilizosukwa. Picha yenye pikseli nyingi mno ikipunguzwa na kusogezwa polepole, mistari hiyo inawaka na kuzima. Ukungu mwepesi sana juu ya picha, kiasi ambacho ikisimama huwezi kuugundua, unamaliza tatizo.

Halafu kuna upungufu wa pikseli, ambao unatukuta zaidi kwa kuwa picha za familia hutumwa kwa WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na picha yenye upana mdogo kuliko 1920 haina kabisa nafasi ya kusogelewa: imeshavutwa kabla hujaanza. Omba itumwe kama dokyumenti, au ikiwa ni ya karatasi uiskani mwenyewe. Skani yetu ya 4200 ingeweza kusogelewa zaidi ya mara mbili bila kupoteza kitu. Uangalie na mtego mmoja ndani ya Premiere: Scale to Frame Size huishusha picha hadi ukubwa wa video kisha hukuza kilichobaki, na pikseli zako za ziada zinapotea. Set to Frame Size hupunguza namba ya Scale tu na kuziacha. Majina yanakaribiana, matokeo yanatofautiana sana. Ukiona nyuso zinakuwa laini kama sabuni kadiri unavyosogea, anza kutafuta hapo.

Kabla ya kupeleka kazi ukumbini, ikague kwa pembe ya ukumbini. Skrini ya upana wa mita 4 inayoangaliwa kutoka mita 6 inajaza jicho sawa na kompyuta yenye skrini ya sentimita 30 ukiwa umeinamia sentimita 45 kutoka kwake. Kaa hivyo, zima taa za chumba, angalia slaidi yote bila kusimamisha, na mwalike mtu asiyezijua picha hizo. Wewe umezitazama mno, huwezi tena kuhisi.

Uliza pia ukumbini video itachezwa na nini. Kompyuta ya pale ikitoa picha mara 60 kwa sekunde, kama ilivyo kawaida, video ya fremu 25 haigawanyiki humo sawasawa: fremu nyingine zinaonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na mwendo wako wa taratibu unapata kigugumizi ambacho nyumbani hakikuwepo. Toa video kwa fremu 30, kila moja ionyeshwe mara mbili kamili. Na iwekwe kwenye kompyuta yenyewe kabla ya wageni kuingia, isichezwe kutoka kwenye flashi iliyochomekwa dakika ile mshereheshaji anapoita slaidi.